Krediti 12: mstari usioulizwa kwenye barua ya chuo

Msimu wa barua za udahili kutoka vyuo vya Marekani ukifika, picha za barua hizo huzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na pongezi humiminika. Maswali yanayofuata ni ya ada, bweni na tiketi ya ndege. Mstari unaotaja krediti za kila muhula haumshughulishi mtu, maana neno hilo tumelizoea tangu nyumbani. Lakini mimi nikimwona kijana amepoteza haki ya kukaa huku Marekani, mara nyingi ukifuatilia unakuta mambo yalianzia kwenye mstari huo.

Tanzania, kwa utaratibu wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi: mhadhara, semina, kujisomea, hata kujiandaa na mtihani. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Uingereza wanahesabu vivyo hivyo. Nchi nyingi za Ulaya bara zinahesabu 60 kwa mwaka. Marekani mwaka ni kama 30, na shahada ya miaka minne ni 120 hivi. Kwa hiyo aliyemaliza Mlimani na krediti zake 360 asidhani amebeba shahada tatu za Kimarekani. Ukilinganisha mwaka kwa mwaka, kozi ya krediti 12 ya nyumbani inakaribia krediti 3 za huku, na bado uamuzi wa mwisho ni wa chuo kinachokupokea.

Krediti ya Marekani inahesabiwa kwa wiki. Krediti moja ni saa moja ya darasani kila wiki, na kwa tafsiri ya serikali yao, angalau saa mbili nyingine za kazi nje ya darasa, kwa muhula wa wiki kama 15. Kozi ya krediti 3 inakula saa 9 za wiki yako. Ukiandikishwa krediti 15, hizo ni saa 45. Mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Ukizichukua zote, wiki imekuwa ya saa 65 kabla hujapika wala kufua.

Nyumbani uzito wa muhula uko mwishoni. Kwenye kozi nyingi UE ina alama 60 na kazi za muhula 40, na wote tunajua namna mtu anavyokesha wiki mbili za mwisho akaokoka. Akishindwa, ipo sapu. Huku wiki ya kwanza mwalimu anakupa silabasi, na hiyo si kama muhtasari wa Taasisi ya Elimu unaotumika nchi nzima. Ni karatasi ya mwalimu huyo kwa darasa lake: tarehe za kazi zote, adhabu ya kuchelewesha, saa anazopatikana ofisini, na mgawanyo wa alama. Mgawanyo wa kawaida unaweza kuwa kazi za kila wiki 20, maabara 15, kushiriki darasani 5, majaribio mawili yenye 15 kila moja, mtihani wa mwisho 30. Anayengoja mtihani wa mwisho ameshaachia alama 70 zipite. Sapu hakuna kwenye vyuo vingi. Ukipata F, unairudia kozi nzima na kuilipia tena.

Hapo ndipo krediti zinapouma. Chukulia binti aliyemaliza Kidato cha Sita PCB, kaandikishwa Kemia yenye maabara krediti 4, Baiolojia 4, Hisabati 3 na Kiingereza cha kuandika 3. Jumla 14. Anafanya kazi kwenye bwalo la chuo, wiki zinampita, jaribio la kwanza la Kemia anapata 38. Mwenzake Mmarekani anamshauri aiache kozi, atapata W ambayo haishushi wastani. Kwa Mmarekani huo ni ushauri mzuri. Binti anaingia kwenye mtandao wa chuo usiku, anabonyeza, Kemia inatoka. Amebaki na krediti 10.

Sheria ya F-1 inamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome angalau krediti 12 katika kila muhula wa kawaida. Akishuka bila ruhusa, jina lake linaweza kufungwa kwenye SEVIS, mfumo ambao serikali inawafuatilia humo wanafunzi wa kigeni. Hapo kazi ya bwaloni inakoma na kukaa kwake nchini kunakuwa kinyume cha viza. Kujaza pengo kwa kozi ya mtandaoni nako kuna mpaka: katika muhula mmoja ni kozi moja tu ya namna hiyo, isiyozidi krediti 3, inayohesabiwa kwenye zile 12. Kama Hisabati yake nayo ni ya mtandaoni, akiongeza ya pili haimsaidii.

Njia halali ipo. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni, ambaye jina lake liko kwenye fomu ya I-20, anaweza kumruhusu apunguze mzigo kwa sababu ya ugeni wa lugha, wingi wa kusoma au namna ya ufundishaji, ilimradi abaki na krediti 6 au zaidi na muhula unaofuata arudi kwenye mzigo kamili. Ruhusa hiyo hutolewa mara moja katika ngazi moja ya masomo. Na lazima itangulie. Ukishaacha kozi kwanza, mshauri hana cha kukuidhinishia.

Kwa sababu hiyo naziheshimu kozi za kuchagua kuliko wazazi wengi ninaozungumza nao, wanaoona kumlipia mtoto somo la historia ya muziki ni kutupa hela. Sisi tumekulia kwenye tahasusi, PCB ni PCB. Huku shahada yenyewe inakudai krediti kadhaa nje ya fani yako. Binti yule angeanza na Kemia 4, Hisabati 3, Kiingereza 3 na kozi mbili nyepesi za kuchagua zenye 3 kila moja, angekuwa na 16, na Kemia ikimshinda angebaki na 12 kamili. Baiolojia ingengoja muhula wa pili. Ahakikishe tu kuwa kozi hizo zinaingia kwenye shahada yake, maana zipo zinazohesabika kwa viza lakini hazikusogezi kwenye kuhitimu.

    

Kwa wadogo zangu wa F-1: kabla ya kubonyeza kuacha kozi yoyote, mwandikie mshauri wa wanafunzi wa kigeni barua pepe, ngoja jibu lake kwa maandishi, na jibu hilo lihifadhi.