Kiazi hakina pa kukaa: habari ya bǎ

Hapa kampasi tupo tupo, boom limetoka na limeshakwisha, si mnajua tena. Leo naomba mnivumilie maana nataka kuongea Kichina. Mwenzangu wa chumbani alikuwa ameshaandika barua ya kuomba kubadilisha somo, na sababu yenyewe ilikuwa kaneno kamoja tu: bǎ, kale kanakoandikwa 把. Kabla ya Ijumaa ilikuwa ama akaelewe, ama aipeleke barua ofisini.

Sisi wa ualimu tunalo tatizo la ziada. Siku ya kwenda mazoezi ya kufundisha mtoto wa kidato cha pili atauliza, "Ticha, hii bǎ ni ya nini?" Jibu tulilopewa darasani ni kwamba bǎ inahamisha yambwa na kuiweka mbele ya kitenzi ili kuitilia mkazo. Mimi jibu hilo silipendi. Mwanafunzi akishaambiwa "mkazo" ataibandika bǎ kila anapojisikia kukazia, na hapo ndipo sentensi zinapoharibika.

Sasa juzi nyumbani walinitumia michembe kwa basi. Kwetu ni Choma, Choma cha Nkola, wilayani Igunga mkoani Tabora, na kwa wale wa pwani wasioijua michembe: ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vikiwa vibichi, vikaanikwa juani mpaka vikauke kabisa. (Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa hayo ni matobolwa, msichanganye, bibi yangu hatawasamehe.) Mwalimu wetu wa Kichina aliviona akauliza vinatengenezwaje. Nikamwambia mwenzangu, kaa hapa, tumwandikie. Maana kazi ya michembe yote ni bǎ tupu.

Tuanze na la kwanza, kukata vipande. Kiswahili chetu kitenzi ni kama punda wa kijijini, anabeba vyote nyuma: "kata viazi vipande", "weka viazi juani", kitu na matokeo yake au mahali pake vinafuatana baada ya kitenzi na hakuna anayelalamika. Kichina hakipendi hivyo. Baada ya kitenzi pale mahali pameshachukuliwa na matokeo: qiē ni kata, qiē chéng piàn ni kata viwe vipande. Hicho chéng piàn kimeng'ang'ania kitenzi, hakiachi nafasi. Sasa viazi, yaani hóngshǔ, vikae wapi? Havina pa kukaa nyuma. Ndipo bǎ inavichukua na kuvileta mbele:

bǎ hóngshǔ qiē chéng piàn

Mwenzangu alikuwa ameandika "fàng hóngshǔ zài tàiyáng xià", neno kwa neno kutoka "weka viazi juani". Kwetu ni sahihi, kwao inakwaruza sikio. Inatakiwa bǎ hóngshǔ fàng zài tàiyáng xià. Ukiona sentensi yako ina kuweka kitu mahali, au kukigeuza kitu kuwa kingine, usijiulize mara mbili, itafute bǎ.

Tena zamani hako kaneno kalikuwa kitenzi kamili, maana yake kushika. Kwa hiyo mtu akikwama namwambia afikirie mama anavyotoa maagizo jikoni: "chukua viazi, ukate vipande". Chukua kitu, kisha sema kimefanywa nini. Ila isiwe ya kushika kwa mkono kweli, maana bǎ mén guān shàng ni funga mlango, na mlango hakuna anayeubeba.

La pili ndilo lililomfanya mwenzangu aandike ile barua. Aliandika "wǒ bǎ hóngshǔ qiē" akapigiwa mstari mwekundu bila maelezo. Bǎ ikishamshika mtu, au kiazi, msikilizaji anasubiri kusikia kimetokea nini. Ukisema "qiē" ukanyamaza, ni kama umesema "vile viazi nimevi..." ukaondoka. Kitenzi kisiachwe uchi. Angalau umpe le, "wǒ bǎ hóngshǔ qiē le", nimevikata, basi. Ila vizuri zaidi ni kumpa matokeo yenyewe. Tukaenda hatua kwa hatua:

bǎ pí xiāo diào, menya maganda yatoke. Bǎ hóngshǔ piàn shài gān, anika vile vipande vikauke, ambapo shài ni kuanika na gān ni hali ya ukavu waliyofikia. Bǎ tāmen zhuāng jìn dàizi lǐ, vitie ndani ya gunia. Angalieni kila mstari unavyoishia: yametoka, vimekauka, vimeingia. Hakuna hata mmoja unaoishia kwenye kitendo chenyewe.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo kinapotusaidia na kututega kwa wakati mmoja. "Nimekata viazi" na "viazi nimevikata" si kitu kimoja. Ya pili inataka tuwe tunavijua viazi vyenyewe, vile vya mama, na inaeleza vimefanywa nini. Hiyo -vi- ina undugu na bǎ. Ndiyo maana "nenda kanunue viazi" haina bǎ, ni viazi vyovyote, mǎi hóngshǔ inatosha. Mwenzangu aliposikia hivyo alikaa kimya kidogo akasema, "Kumbe naijua tangu utotoni."

Nusu tu. Kwa sababu -vi- na -m- zetu zinaingia kila mahali: mama ninampenda, mtoto nimemwona, jibu ninalijua. Ukizigeuza zote kuwa bǎ umekwisha. Kupenda, kuona, kujua, kuwa na kitu, havimfanyi anayependwa au kinachoonwa kiwe tofauti na kilivyokuwa. Mama unampenda na bado ni mama yuleyule. Kwa hiyo wǒ ài māma, hakuna bǎ. Mimi nikiwa na shaka najiuliza hivi: baada ya kitendo, kitu kimehama, kimegeuka, kimeisha, kimeharibika? Kama hakijaguswa, bǎ ikae pembeni.

Na mtego wa mwisho ni kukana. Sisi tunasema "viazi sijavianika", kiazi kwanza, kukana baadaye. Kwa mpangilio huo utaandika "wǒ bǎ hóngshǔ méi shài gān", na utapigiwa mstari. Kukana kunatangulia bǎ: wǒ méi bǎ hóngshǔ shài gān. Hivyo hivyo kukataza: bié bǎ dàizi nòng shī, usililoweshe gunia. Hilo tuliliandika mwisho wa barua kwa mwalimu, kwa sababu michembe ikipata unyevu inaota ukungu na unayo kazi ya kutupa.

Tulimpelekea Alhamisi jioni. Alirudisha na mstari mwekundu mmoja, kwenye neno la gunia, tulikosea alama ya sauti, bǎ zote aliziacha. Barua ya kubadilisha somo iko kwenye droo, hajaichana na hajaipeleka.

Haya, wale mnaosoma Kichina, nawaachia hii muiandike kwenye maoni: "Funguo nimezisahau hosteli." Zi- ipo, mahali papo. Anayemtupa hosteli nyuma bila zài asinilaumu.