Barua ya mifuko saba: picha ikae wapi na iseme nini

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, mahindi yanaposhuka kutoka mashambani, simu yangu hujaa picha. Nyingi ni za mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, na chini yake kuna maneno mawili tu: "Bwana shamba, ona!" Naangalia, naona nailoni nyeupe juu ya sakafu ya udongo. Tundu silioni. Na kama mimi ninayeijua mifuko hii silioni, muuza duka wa Songea mjini ataliona vipi, tena akiwa hana hamu ya kuliona?

Msimu uliopita mama mmoja wa upande wa Peramiho aliniomba nimsaidie kuandika barua ya malalamiko kwa duka la pembejeo lililomuuzia mifuko ya namna hiyo. Alinunua 20 kwa shilingi 5,000 mmoja, jumla shilingi 100,000, na risiti alikuwa nayo. Duka na kampuni sitavitaja, kwa kuwa jambo lilikwisha. Barua yenyewe ndiyo ninayotaka kuizungumzia, pamoja na kazi tuliyoifanya kabla ya kuandika hata neno moja.

Kwanza tuuelewe mfuko wenyewe. Nje kuna salfeti, na ndani yake nailoni mbili nzito, moja ndani ya nyingine. Mahindi makavu yakijazwa na kila nailoni ikafungwa peke yake, wadudu waliomo hupumua hewa iliyobaki mpaka inapungua mno, wanaacha kula na wanakufa. Sumu haihitajiki. Kwa hiyo mfuko huu unauzwa kwa sababu moja tu, kuzuia hewa. Ukipitisha hewa, ulichonunua ni salfeti ya bei ghali.

Mama alikuwa amekwisha kujaza mifuko 6. Kwenye wa saba, mpwa wake akafanya kile tunachokifundisha kwenye mashamba darasa: aliijaza nailoni upepo, akasokota mdomo, akaikumbatia na kuibana. Nailoni nzima hubaki ngumu kama mpira. Hii ilinywea, na hewa akaisikia ikimpuliza miguuni.

Aliponipigia nilimwomba vitu viwili. Asiingize kidole kwenye hilo tundu, maana kidole hulipanua na hapo ushahidi unaharibika. Na lile bando la pili la mifuko 10, ambalo bado lilikuwa na mkanda wa kiwandani, asilifungue mpaka nifike na mtendaji wa kijiji awepo.

Sababu ya kutaka bando lililofungwa ni hii. Jibu la kwanza la muuzaji hulijua hata kabla hujafika dukani: "Hao ni panya." La pili: "Huyo ni dumuzi, uliweka mahindi yenye wadudu." Na mara nyingine huwa anasema kweli! Dumuzi, yule ambaye wengine wanamwita skania, hutoboa nailoni akitokea ndani. Nimeona mifuko mizima kabisa iliyoharibiwa na mahindi yaliyokaa kihengeni miezi miwili kabla ya kuhifadhiwa. Huwezi kumdai muuzaji kwa kosa la dumuzi.

Lakini matundu hayafanani, na picha nzuri huyatofautisha. La dumuzi ni dogo na la mviringo, upana wake kama wa ncha ya msumari mdogo. Huwa yametawanyika popote kwenye mfuko, kingo zake zimesukumwa kuelekea nje, na karibu yake utakuta unga. Panya huacha tundu kubwa lenye kingo zilizochanika ovyo, na kwa kawaida huanza na salfeti ya nje, kwa hiyo tundu la salfeti na la nailoni hukaa mahali pamoja. Mwiba au msumari nao hupita tabaka zote mahali pamoja. Kosa la kiwandani lina tabia nyingine. Linakaa kwenye maungio, pale nailoni ilipochomwa na mashine chini, linaachia kwa mstari ulionyooka, salfeti ya nje ni nzima, na mfuko unaofuata una kosa lile lile mahali pale pale.

Tulilifungua bando mbele ya mtendaji. Mifuko yote 10 tuliijaza upepo, kisha chini ya kila mmoja tukaichovya kwenye beseni la maji. Minne ilitoa mapovu, yote kwenye maungio ya chini. Katika minne iliyokuwa imebaki kwenye bando la kwanza, mmoja ulitoa mapovu, ule wa mpwa. Ile 6 iliyojazwa tuliimwaga kwenye turubai tukaipima vilevile. Miwili ilikuwa mibovu. Jumla 7 kati ya 20. Mahindi yalikuwa hayajakaa hata wiki, na yalikuwa safi.

Sasa picha. Nailoni ni ngumu kupiga picha kwa sababu inang'aa na unaona hadi upande wa pili. Tuliitandika juu ya kitenge chenye rangi nzito, kivulini, si juani. Pale ilipoachia, kitenge kilionekana wazi kama mstari mwembamba. Kando tuliweka rula ya mtoto wa shule. Sarafu ya shilingi mia nayo ingefaa, mradi kiwepo kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake. Kila mahali tulipiga mara mbili: moja kwa mbali ili mfuko wote uonekane, nyingine kwa karibu. Ile ya karibu ikiwa peke yake haithibitishi kwamba ni mfuko ule, wala kwamba ni sehemu ya chini.

Picha nyingine ambayo watu huisahau ni ya maandishi ya mfuko na ya lebo ya bando, yenye namba ya toleo. Hiyo ndiyo wakala atakayoiuliza, kwa sababu inamwonyesha mzigo ulitoka wapi.

Picha tulizichapisha steshenari mjini, tukaziandika namba nyuma kwa kalamu. Kutuma kwa wasapu peke yake sishauri. Picha hupungua ubora, hufutika simu ikijaa, na muuzaji anaweza kusema hakuziona. Tuma, lakini karatasi nayo iende.

Barua ya kwanza aliiandika mpwa. Ilikuwa kurasa mbili, ikianza na salamu ndefu, ikaeleza jinsi mama alivyohangaika kulima, kisha ikaomba fidia ya mahindi gunia 20 "yatakayoharibika". Hapo nilimkatalia. Mahindi hayajaharibika, na ukidai kisichopotea, muuzaji anapata pa kukushikia na kile cha haki kinazama pamoja nacho. Laiti angefungua mifuko Desemba akakuta unga mtupu, hesabu ingekuwa nyingine, ingawa hapo pia angelazimika kuonyesha kwamba aliyakausha vizuri na kwamba dumuzi hakuingia nayo. Tuliandika upya. Ukiondoa anwani, ilisomeka hivi:

"YAH: MIFUKO 7 YA KUHIFADHIA MAHINDI ILIYOACHIA MAUNGIO YA CHINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 24 Julai nilinunua dukani kwako mifuko 20 isiyopitisha hewa kwa shilingi 100,000. Nakala ya risiti ni Kiambatisho A.

Tarehe 30 Julai mifuko yote ilipimwa kwa upepo na maji mbele ya mtendaji wa kijiji, ambaye amesaini hapa chini. Mifuko 7 inavujisha hewa.

Picha Na. 1 inaonyesha lebo ya bando na namba ya toleo. Picha Na. 2 inaonyesha bando la pili likiwa bado na mkanda wa kiwandani. Picha Na. 3 na 4 zinaonyesha mfuko mmoja wa bando hilo, kwa mbali na kwa karibu: maungio ya chini yameachia sentimita 6, kingo zimenyooka, na salfeti ya nje haina tundu. Picha Na. 5 inaonyesha mapovu mahali hapo hapo. Picha Na. 6 inaonyesha mifuko yote 7 ikiwa imepangwa, kila mmoja ukiwa na alama ya kalamu mahali ulipoachia.

Mifuko mitano kati ya hiyo haijawahi kuwekwa mahindi.

Naomba unibadilishie mifuko 7, ipimwe dukani kabla sijaondoka nayo, au unirudishie shilingi 35,000, kabla ya tarehe 9 Agosti. Mifuko mibovu ninayo, nitaileta."

Basi. Ukurasa mmoja. Utaona kila picha ina sentensi yake, na kila sentensi inasema jambo ambalo mtu akiitazama picha atalikuta. Neno "feki" halimo. Tulikuwa na ushahidi kwamba mifuko inavuja. Ushahidi kwamba ni ya kughushi hatukuwa nao, na muuzaji mwenyewe huenda aliletewa hivyo. Sentensi ya mifuko mitano isiyowekwa mahindi ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa kuwa inamfukuza panya na dumuzi bila kuwataja.

Nakala zilikuwa mbili. Moja aliiacha, ya pili muuzaji aliisaini na kuandika tarehe aliyoipokea. Mifuko mibovu mama aliirudi nayo nyumbani siku ile, kwa ushauri wangu. Usikabidhi bidhaa mbovu kabla hujapewa badala yake au maandishi, la sivyo unabaki na picha tu.

Kwenye risiti palikuwa na yale maneno, "mali ikiuzwa hairudishwi". Muuzaji aliyaonyesha kwa kidole. Mama akamjibu, "Baba, mimi sijabadili mawazo. Nimekuja na mfuko unaovuja." Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, na duka la pembejeo haliwezi kusema halikujua mfuko huo ni wa kazi gani. Inataka pia mnunuzi anayeikataa bidhaa asichelewe. Ndiyo maana mifuko ipimwe siku unayoinunua au kesho yake, si siku ya kuifungua. Angekataa kabisa, hatua iliyofuata ingekuwa kupeleka barua ile ile na picha zile zile kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Hatukufika huko.

Muuzaji alizituma picha kwa wakala wake. Wakala aliuliza jambo moja tu, namba ya toleo, akajibiwa kwa Picha Na. 1. Tarehe 7 Agosti mama aliitwa dukani. Nauli hakurudishiwa, na hakuidai. Mifuko 7 mipya ilijazwa upepo mmoja mmoja juu ya kaunta. Wa tano ukanywea, muuzaji akauweka pembeni bila kusema neno, akachukua mwingine.