Kapunguzwa Kazini na Hajaficha: "Natafuta Kazi ya Stoo, Hiki Ndicho Ninachokiweza"

Wengi wakipunguzwa kazini wanauchuna. Asubuhi mtu anavaa, anatoka kama kawaida, jirani asijue. Jamaa mmoja wa Mbagala, mtunza stoo kwa miaka 9, kaamua kivingine. Kampuni ilifunga ghala moja, yeye na wenzake wakapewa barua. Wiki hiyohiyo akatangaza hadharani kwamba anatafuta kazi.

Na hakuandika "naomba kazi yoyote". Mwenye ghala akisoma hivyo anapita tu, hajui amweke wapi. Yeye kaeleza anavyofanya kazi.

Mzigo ukifika, hasaini mpaka alinganishe vitu vitatu: oda iliyotumwa, karatasi ya dereva na katoni zilizoshushwa. Zikipungua, anaandika upungufu kwenye nakala zote na dereva anasaini palepale. Lori likishaondoka, utabishana na nani?

Kwenye kupanga, hatoi mzigo kwa kuangalia umeingia lini, anaangalia unaisha muda lini. Ulioingia jana unaweza kuexpaya kabla ya ule wa mwezi uliopita, kwa hiyo huo ndio unakaa mbele.

Halafu akatoa mfano wa juisi. Mwezi ulianza na katoni 240, zikaingia 100, zikatoka 180. Zilitakiwa kubaki 160. Alipohesabu akakuta 154. Sasa hapo wengine wanaanza kutajana wizi. Yeye alihesabu tena, akapitia kadi ya juisi na karatasi za kutolea mzigo. Katoni 4 zilikuwa zimepasuka, zimewekwa kona bila kuandikwa. Nyingine 2 zilichukuliwa na watu wa mauzo jioni, karatasi ipo ila kwenye kadi hazikupunguzwa. Sita zikapatikana, hakuna aliyechafuliwa jina.

Asichokiweza pia kakisema: foklifti hajawahi kuendesha, na kwenye kompyuta ametumia Excel tu. Mfumo mwingine wowote atahitaji kufundishwa.

Kuna aliyemuuliza kama haoni aibu. Akajibu barua yake inasema kapunguzwa, haisemi kaiba. Mtu akitaka kuiona, ipo.

Ila muda haumsubiri. Kwa sheria ya kazi ya Tanzania, kiinua mgongo hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa miaka yake 9 ni siku 63. Kodi ya nyumba inadaiwa, na mtoto wa kwanza yuko darasa la saba.

"Nikikaa kimya siku 63 zinaisha na hakuna anayejua natafuta," kaandika. "Anayetaka kunijaribu anipe stoo yake siku moja nihesabu. Mzigo ukilingana na kadi zake, atakuwa amepata uhakika bure. Usipolingana, atajua kwa nini ananihitaji."