Hongera Shosti, Lakini Moyo Unauma

Tuseme ukweli jamani. Wivu wa mapenzi tunauongelea kila siku, mpaka tunautungia vichekesho. Lakini kuna wivu mwingine ambao hakuna anayeuposti: wivu wa kumwonea rafiki yako mwenyewe. Sio staa, sio mtoto wa tajiri wa Masaki. Ni yule yule mliyekuwa mnachanga hela ya chipsi, leo katoboa, na wewe moyo unakuuma.

Kuna dada wawili wa hapa Dar, majina tunayaacha. Wote ni watu wa meikapu za maharusi. Walijifunzia saluni moja Sinza, wakapanga chumba kimoja, wakawa wanatumia boksi moja la vipodozi. Ikitokea kazi ya sendofu, mmoja anapaka uso, mwenzake anashika taa na kufunga kilemba. Hela wanagawana pasu kwa pasu. Wamepishana miezi minne tu, lakini mmoja anamwita mwenzake "dada" na mwenzake anamjibu "mdogo wangu". Basi na sisi tuwaite hivyo hivyo, Dada na Mdogo.

Siku moja Dada akapigiwa simu na bibi harusi wa Kigamboni. Anataka kupambwa saa kumi na moja alfajiri, na anayo elfu themanini tu. Dada akapiga hesabu ya usafiri wa usiku na usingizi wa kukatisha, akaona haimlipi. Akamwambia Mdogo, "Nenda wewe kama unataka." Mdogo akaenda. Klipu ya yule bibi harusi akifunuliwa shela ikasambaa mitandaoni, watu wakaanza kuulizana nani kampaka. Baada ya miezi michache Mdogo alikuwa na kazi kila Jumamosi, na bei yake ilishafika laki tano kwa uso mmoja.

Dada alikuwa wa kwanza kuandika "Hongera mdogo wangu", na mioyo mitatu juu. Hakudanganya. Lakini baada ya wiki kadhaa akaanza kuangalia stetasi za Mdogo bila kusema kitu. Baadaye akazificha kabisa zisimtokee.

Kilichomchanganya ni hiki. Mdogo alipomwezekea mama yake nyumba kwa bati, Dada alilia kwa furaha. Mdogo alipovishwa pete, Dada ndiye aliyecheza kuliko wote. Ila kila ikipostiwa sura ya bibi harusi mpya, anahisi kama kachomwa na mwiba. Sasa inakuwaje mtu huyo huyo umfurahie huku na umwonee wivu kule?

Wataalamu wa saikolojia wanalo jibu. Mmarekani mmoja, Abraham Tesser, alilichimba sana jambo hili. Anasema mafanikio ya mtu wa karibu yanaweza kwenda njia mbili. Kama kafanikiwa kwenye kitu ambacho wewe hujipimi nacho, unajivunia, unasema "huyo ni mtu wangu". Kama ni kitu kile kile unachojipimia thamani yako, ukaribu huo huo ndio unaouma. Mgeni akikupita, unajiambia alikuwa na mtaji au ana mjomba sehemu. Rafiki mliyeanza naye chumba kimoja huna la kumsingizia. Na Dada alikuwa na lake la ziada: ile kazi ilipita mkononi mwake kwanza.

Mwaka 1980, Tesser na mwenzake walichapisha jaribio moja la kuumbua. Waliwapa watu mchezo wa kukisia maneno, na kila mtu akapewa nafasi ya kuwachagulia wengine vidokezo, vyepesi au vigumu. Mchezo ulipoelezwa kuwa ni wa kawaida tu, watu waliwasaidia marafiki zao zaidi. Ulipoelezwa kuwa unapima uwezo wa mtu, mambo yakageuka: marafiki wakapewa vidokezo vigumu kuliko wageni.

Kidokezo kigumu cha Dada kilikuja kwa meseji. Mteja alimwandikia, "Mdogo wako yupo? Namtafuta simpati." Dada akajibu, "Yule siku hizi hachukui kazi ndogo ndogo." Sentensi moja tu. Hakutukana wala hakusema uongo mkubwa, na mteja akaenda kwa mtu mwingine kabisa. Dada mwenyewe hakupata hata shilingi.

Usiku ule hakulala. Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiana kila siku, lakini huwa tunawaza watu wengine. Siku hiyo alijiona yeye ndiye aliye nguoni mwa mwenzake. Na hapo ndipo aibu ilipoingia, nayo ikaharibu mambo kuliko wivu wenyewe. Maana mwenye aibu hujificha. Akaacha kupokea simu, akakosa kichen pati ya Mdogo kwa kisingizio cha homa. Mdogo kwa upande wake akahisi kuna jambo amekosea. Akawa akipata habari njema hamwambii tena, anaogopa kuonekana anajisifu. Mwishowe akatuma vois ya sekunde kumi: "Dada, nimekukosea nini?"

Walipokutana, Dada hakusema yote. Alisema, "Hujanikosea. Nikiona kazi zako naumia, na naona aibu kuumia." Habari ya mteja aliitoa pia, kwa sababu hiyo ilikuwa hela ya mtu, sio hisia tu. Mdogo alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni mteja yupi. Hakusema "yameisha", na kwa kweli hayakuisha siku ile.

Lugha yetu ina msaada hapa. Husuda ni kutaka mwenzako apokonywe alicho nacho. Halafu kuna ule ambao mtaani tunauita kwa utani "wivu wa maendeleo": unataka na wewe upate, yake ibaki palepale. Mafunzo ya Kiislamu yanautenganisha huu na husuda, yanauita ghibta, na hayauhesabu kuwa dhambi. Namna ya kujua uko upande gani ni kujiuliza swali moja: je, leo akipoteza wateja wote, mimi nitapata nafuu? Dada alijiuliza, akakuta kwamba siku nyingi jibu ni hapana. Siku ya ile meseji lilikuwa ndiyo.

Kingine alichokigundua ni kwamba hakuwa akitamani wafuasi wala hela ya Mdogo. Kilichokuwa kinamuuma ni ile alfajiri aliyoikataa. Hilo halikuwa la Mdogo hata kidogo, na angeweza kulifanyia kazi. Siku hizi anapokea kazi za alfajiri, hata za mbali, hata za elfu themanini. Bado hajapata klipu ya kusambaa.

Stetasi za Mdogo amezirudisha. Nyingine anazipenda kweli, nyingine anazipita haraka. Wiki iliyopita mteja mwingine alimwuliza kama Mdogo ana nafasi, akamtumia namba pale pale. Roho ilimchoma kidogo, lakini namba alituma.

Na wewe, ni rafiki yako yupi ambaye stetasi zake umezificha, na anajua ni kwa nini?