Tovuti ya yule mwimbaji haikufungiwa, ukweli ni huu

Wadau, komenti zenu nimezisoma zote. Wengine mmesema mwimbaji wetu wa taarab (jina kapuni, mnamjua) tovuti yake imefungiwa, wengine kafilisika, mmoja kasema imedukuliwa. Hakuna hata moja. Anayeitunza ile tovuti ni mimi, hapa hapa Micheweni, na kosa lilianzia kwangu.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani, wakati watu wanaweka nafasi zao za harusi za baada ya mfungo, na nafasi zote anazipokea kwa fomu ya kwenye tovuti. Asubuhi akanipigia: "Mwanangu, wa Muscat wanasema inafunguka, wa Wete wanasema haifunguki. Umenifanya nini?" Nikamwambia Bi mkubwa, wallahi sijagusa kitu. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimeihamishia kwenye seva mpya na ilikwenda vizuri tu.

Nikaandika kwenye kivinjari namba ya seva badala ya jina. Ikafunguka, picha zake zote zipo. Kwa seva inayobeba tovuti moja kama yetu, maana yake seva ni nzima na tatizo liko kwenye jina. Kama unachangia seva na wengine, kipimo hiki usikiamini, unaweza kuletewa tovuti ya mtu mwengine.

Jina la tovuti ni kama jina la mtu kwenye simu yako: unabonyeza jina, simu inapiga namba. Nikauliza namba kwa kompyuta yangu, na nikaelekeza swali kwa Google ili nisije nikausingizia mtandao wa simu wa huku kwetu (jina na namba nimebadilisha):

```
nslookup example.co.tz 8.8.8.8
*** dns.google can't find example.co.tz: Server failed
```

Soma vizuri hayo maneno ya mwisho. Ingekuwa `Non-existent domain`, ningeshuku jina limekosewa au muda wake wa kulipia umekwisha. `Server failed` ni jambo jengine: mara nyingi jina lipo, ila wanaotakiwa kulijibia hawajibu.

Nani anatakiwa kujibu? Nikaangalia kumbukumbu ya jina kwa `whois`, kwenye mistari ya `nserver`. Hapo nikashika kichwa. Zilizoandikwa ni seva za majina za kampuni ya zamani. Nikaziuliza zenyewe, kisha nikaiuliza ya kampuni mpya:

```
nslookup example.co.tz ns1.zamani.example
Query refused
nslookup example.co.tz ns1.mpya.example
Address: 203.0.113.10
```

Yaani mpya inalijua jibu lakini hakuna anayetumwa kwenda kuiuliza. Siku ya kuhama nilikuwa mvivu. Badala ya kubadilisha `nserver`, niliingia paneli ya zamani nikabadilisha namba tu, ikafanya kazi, nikalala. Wiki tatu baadaye akaunti ya zamani ikafikia mwisho, wakaifuta pamoja na majina yake. Haki yao, hatukulipa tena. Na Muscat ilifunguka kwa sababu mitandao huhifadhi jibu kwa muda. Letu lilikuwa sekunde 14400, saa 4. Kufika adhuhuri hata wa Muscat walikuwa hawaioni.

Kuitengeneza ni kazi ya dakika tano: unaingia kwa msajili wa jina, unaandika `nserver` mpya. Kabla ya hapo nikahakikisha mistari ya barua pepe, `MX`, nayo ipo upande mpya, maana bila hiyo tovuti ingerudi na barua zikapotea kimya kimya.

Sasa ndo utamu wenyewe. Akaunti ya msajili haikuwa yake. Jina lilisajiliwa na meneja wake wa zamani, kwa barua pepe ya meneja. Ndiyo, yule yule waliyeachana kwa maneno mpaka mkaandika humu komenti nisizoweza kuzirudia. Hakuna njia ya kumzunguka: neno jipya la siri linakwenda kwake.

Bi mkubwa akanyamaza kwenye simu muda mrefu. "Basi nipe mpaka baada ya futari," akasema.

Walichozungumza sikijui, na msiniulize. Baada ya tarawehe meneja akanitumia picha ya skrini, `nserver` mbili mpya zimeandikwa sawasawa. Google ikaanza kunijibu kabla ya daku, kwa wengine ikachukua hadi kesho yake mchana. Fomu ya kwanza iliyoingia ni harusi ya Wete.

Jina la mmiliki kwenye `whois` bado ni la meneja. Wanasema watakaa baada ya Sikukuu.