Majina 52 juu ya maji ya Rusumo

Filamu yetu ya mazoezi ya kufundisha ilikuwa imeshakwisha. Kilichobaki ni majina ya mwisho: wazee wa Ngara waliotusimulia hadithi kwa Kihangaza, wanafunzi waliobeba simu na vipaza sauti, na walimu wa Biharamulo waliotuazima projekta. Mistari 52 ukihesabu na vichwa vidogo. Ilibidi ipite juu ya shoti moja ya sekunde 58, maporomoko ya Rusumo, huku babu mmoja akimalizia hadithi yake. Babu huyo alifariki kabla hatujamaliza kuhariri. Kwa hiyo sauti haikatwi, hairefushwi, na shoti ni ile ile.

Fundi aliyetusaidia mjini aliweka majina yaanzie chini ya skrini na yamalizikie juu, programu ikajipimia mwendo yenyewe. Kwenye simu ikaonekana safi. Kwenye ukuta wa darasa, jamani, majina yalipanda kwa kigugumizi.

Sababu ni hesabu tu. Video yetu ina fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 58 ni fremu 1,450. Kila mstari tuliupa pikseli 90, basi bango zima la majina lina urefu wa 4,680. Ongeza 1,080 za skrini, maana bango lazima liingie lote na litoke lote: safari ni pikseli 5,760. Gawanya kwa 1,450 unapata 3.97 kwa kila fremu. Ila programu ile haikuweza kusogeza herufi kwa sehemu ya pikseli. Ikawa inasogeza nne, nne, nne, halafu ghafla tatu. Kila baada ya fremu 36 hivi, yaani sekunde moja na nusu, mstari unajikwaa. Zipo programu zinazoweza kugawa pikseli, lakini hizo nazo hufanya kingo za herufi ziwe na ukungu unaokuja na kuondoka.

Dawa ni kuchagua mwendo wa namba kamili kwanza, ndipo muda ufuate. Kwa pikseli nne kwa fremu, safari inakwisha kwenye fremu ya 1,440. Zinabaki fremu kumi za maji matupu, chini ya nusu sekunde, na sauti ya babu haijaguswa. Kila mstari unakaa kwenye skrini sekunde 10.8, muda ambao hata mzee anayesoma polepole anatafuta jina lake na kumwonyesha mjukuu. Tungekuwa na mistari 70 ningepunguza nafasi kati ya mistari, si kuongeza mwendo hadi tano. Namba shufwa ni salama zaidi, kwa sababu video za kawaida huhifadhi rangi moja kwa kila pikseli mbili, juu na chini.

Tatizo la pili lilikuwa maji yenyewe. Povu la Rusumo ni jeupe, na herufi zetu nyeupe. Tulijaribu kivuli nyuma ya herufi, hakikutosha. Povu linachemka kila fremu na kivuli kinamezwa. Herufi za njano? Kwa maoni yangu zinafanana na tangazo la harusi. Kilichofaa ni kufunika shoti nzima kwa weusi wa asilimia 55. Maji bado unayaona yakianguka, ila hayashindani na maandishi. Tena yakififia, faili likibanwa vigae vya uchafu kuzunguka herufi hupungua.

Majina tuliyachora kwenye GIMP kama picha moja ya upana 1,920 na kimo 4,680, isiyo na rangi ya nyuma, herufi nene zisizo na mikia. Kisha amri moja ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i rusumo.mp4 -loop 1 -i majina.png \
 -filter_complex "[0:v]fps=25,drawbox=c=black@0.55:t=fill[v];[v][1:v]overlay=x=0:y=H-4*n:shortest=1" \
 -crf 18 -c:a copy mwisho.mp4
```

Hapo `n` ni namba ya fremu na `H` ni kimo cha skrini. Kila fremu bango linapanda nne, basi. `fps=25` ni muhimu kwa sababu simu nyingi hurekodi kwa kasi inayoyumba.

Kupima ni rahisi. Simamisha video pale povu lilipo jeupe kuliko kote, nenda dawati la nyuma, dirisha likiwa wazi, usome jina lolote. Ukishindwa, ongeza weusi. Projekta za shule hufifisha kila kitu. Halafu cheza na ukazie macho mstari wa chini wa herufi E na L. Kigugumizi kikiwapo, hapo ndipo utakiona kwanza.

Biharamulo tulionyesha saa nane mchana, pazia ni kanga mbili. Watoto walisoma majina kwa sauti, mstari kwa mstari, na walimwahi babu kabla hajapanda kutoka kwenye skrini.