Chora laini ya maisha yako, kisha usome vitenzi

Wasee, swali la "unataka kuwa nani?" hunimaliza nguvu. Lakini "umekuwa ukifanya nini miaka hii yote?" lina jibu, na linatoshea karatasi moja.

Laza karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika mwaka uliozaliwa, kulia andika leo. Nyakati tamu ziweke juu ya mstari, zilizokuumiza ziweke chini, na umbali kutoka mstari uonyeshe uzito, moja hadi tano. Matukio kumi yanatosha. Ukiunganisha nukta utapata vilima na mabonde, na hapo ndipo wengi huachia, wanapiga picha wanaposti. Kazi yenyewe bado. Kando ya kila nukta andika ulichokuwa unafanya, kwa kitenzi. Usiandike ulivyohisi.

Yangu iko hivi. 2016, juu tatu: niliweka daftari la pesa za timu yetu ya mtaa. 2020, chini tano: Ziwa Naivasha lilipanda likaingia hapa Kihoto, tukahama na magodoro kichwani. 2023, chini mbili: kibarua cha kupakia maua kiliisha. 2024, maji yakarudi tena.

Ukiitazama haraka utasema maisha yangu ni stori ya maji. Lakini ziwa halikunichagua mimi, liliingia kwa jirani pia, kwa hivyo haliniambii chochote kunihusu. Lililonipata ni tofauti na nililofanya likishanipata. 2020 nilizunguka nikiandika nani amehamia wapi na vitu vyake viko kwa nani. Kwa maua, raha yangu ilikuwa kuhesabu mafungu na kugundua mahali hesabu haishikani. 2024 nilitengeneza orodha tena, safari hii kwa simu. Kitenzi ni kilekile: kuorodhesha. Kimejitokeza mara nne, juu na chini ya mstari, na kwangu hicho ndicho kipimo. Kitu kinachotokea siku za raha pekee huenda ni burudani tu.

Kuna shida moja. Ukichora siku mbaya, hata sherehe zinazama chini ya mstari. Kwa hivyo chora tena baada ya wiki tatu hivi, bila kuchungulia ya kwanza, halafu ulinganishe. Pia muulize mtu aliyekulea, kwa sababu miaka ya utotoni huwa mitupu. Mama aliangalia yangu akacheka: "Wewe si ndiye ulikuwa unapanga viatu vya wageni mlangoni, kila mtu na pea yake?"

Laini haitaji jina la kazi. Kuorodhesha kunaweza kuwa stoo, ugavi, maktaba, hata ofisi ya ardhi. Nimeanza na ya bei rahisi: Jumamosi hii nahesabu stoki kwa duka la mabati na misumari hapa mtaani. Nikianza kupiga miayo kabla ya saa sita, narudi kwa karatasi.